Mama wawili wa Lina: uchambuzi wa swali la mtoto wa miaka 5, Tanga

Majina ya watoto hawa nimeyabadili, na mambo machache ya nyumba zote mbili nimeyageuza ili zisitambulike. Maneno ya Zuhura nimeyaacha yalivyo, kwa sababu kisa chote kimo ndani yake.

Zuhura ana miaka 5. Anakaa Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zetu zenye namba, pamoja na mama yake na bibi yake mzaa baba. Anasoma darasa la awali katika shule ya binafsi upande wa Raskazone, na mimi ndiye mwalimu wa darasa lake. Rafiki yake mkubwa ni Lina, mtoto wa wageni kutoka Uholanzi. Lina huletwa kwa baiskeli na wanawake wawili wanaopokezana. Mmoja ni mweupe, Lina humwita mama. Wa pili ni mweusi, wazee wake walitokea Surinam, na huyo Lina humwita mami. Ijumaa moja walikuja wote wawili kumchukua, na Lina akawakimbilia huku akiita "mama! mami!" mbele ya geti zima.

Zuhura aliyaona hayo akapanda bajaji na mama yake. Ndani alikuwamo pia jirani yao. Hawajafika hata kona ya kwanza, mtoto akauliza kwa sauti yake yote: "Mama, kwa nini Lina ana mama wawili?"

Mama Zuhura aliniambia baadaye kwamba alihisi shingo ya dereva imekakamaa na jirani ameacha kupumua. Akajibu jibu la kwanza lililomjia: "Yule mwingine ni mama yake mdogo." Jirani akacheka chini chini. Zuhura akanyamaza, na mama yake akadhani yamekwisha.

Jumatatu, kwenye ile kona ya darasa wanapochezea nyumba-nyumba, nilisikia Zuhura anamuuliza mwenzake: "Baba yako anakuja siku gani?" Lina akasema hana baba. "Unaye," Zuhura akasema. "Una mama mdogo, basi una baba." Lina akarudia kwamba hana. Zuhura hakuwa anamchokoza. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayehesabu na hesabu inakataa, na akaendelea kumwambia "unaye, anakuja siku gani?" mpaka Lina akalia. Jioni hiyo jirani alimpelekea bibi habari yote, na bibi akamkataza mjukuu wake kucheza na mtoto yule. Jumanne asubuhi Zuhura alihamisha mkeka wake, akaenda kukaa mbali na rafiki yake.

Baina ya swali la kwenye bajaji na kuhama kwa mkeka zimepita siku 4 tu. Mzazi anayetaka kujua jibu la mkato linafika wapi, hapo ndipo linapofika.

Nianze na lile neno "mama mdogo," maana hapo ndipo kosa lilipolala. Mama Zuhura alilichagua kwa sababu ni la kweli kabisa katika lugha yetu na halimtii mtu aibu. Mdogo wake mama ni mama mdogo. Mke wa baba mdogo naye ni mama mdogo. Hata mke wa pili wa baba, watoto wengi wa mji huu humwita hivyo hivyo. Mtu mzima akisikia neno hilo huchagua mwenyewe maana inayofaa mahali pale. Zuhura hakuwa na la kuchagua. Mama yake hana mdogo wa kike. Miezi 7 kabla ya siku ile baba yake alioa mke wa pili Muheza, na bibi ndiye aliyempa mtoto habari, akamwambia: "Sasa una mama mdogo." Tangu hapo baba hulala huku kwa zamu, na mtoto huuliza kila asubuhi kama leo ni siku ya baba.

Kwa hiyo alipoambiwa Lina ana mama mdogo, Zuhura alielewa kitu kimoja tu: baba yake Lina naye ameoa mke wa pili. Na kama kuna wake wawili, lazima pawe na baba anayekuja kwa zamu. Ndiyo maana aliuliza siku gani. Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto, alieleza kwamba kati ya miaka 2 na 7 mtoto hufikiri kwa kuvuka kutoka tukio moja moja kwa moja hadi jingine, bila kupitia kanuni ya jumla. Zuhura alivuka kutoka nyumba yake hadi ya Lina juu ya daraja la neno moja, na daraja hilo alitandikiwa na mama yake.

Mama Zuhura alikuja Jumatano mchana, watoto wameshaondoka. Alikuwa na hasira kidogo, na hofu zaidi.

"Mwalimu, sasa nilitakiwa nimjibu nini mtoto yule mbele za watu?"

Nikamwambia kwenye bajaji angetosheka na kusema, "Swali zuri, tutaongea tukifika nyumbani," mradi wakifika kweli waongee. Mtoto wa miaka 5 anaweza kusubiri. Asichoweza ni kusubiri mara 3 akisahauliwa, kwa sababu hapo hujifunza kwamba swali lake lina ubaya.

"Nikimwambia ukweli, si nitakuwa namfundisha mambo yasiyo ya umri wake?"

"Ukweli upi, mdogo wangu? Wewe unajua nini kuhusu nyumba ile?"

Akafikiri. Anajua wanawake wawili wanakaa nyumba moja. Anajua wote wanamleta mtoto shule, wanamfungia chakula, wanakaa naye akiwa na homa. Anajua mtoto anawaita mama wote wawili. Hakujua zaidi ya hapo, na mimi nilimwonyesha kwamba mtoto hakuuliza zaidi ya hapo. Mtu mzima akisikia "mama wawili" akili yake huingia chumbani. Mtoto wa umri huu akisikia hivyo yuko jikoni na kwenye baiskeli: nani anapika, nani anasuka nywele, nani anamwogesha, baba yuko wapi. Kumweleza hayo ni kumweleza anachokiona getini kila siku.

Hofu yake nyingine ilikuwa ya sheria, na hiyo sikuipuuza. Sheria ya Ndoa yetu ya 1971, kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, ina adhabu isiyopungua miaka 30 kwa kile inachokiita kuingiliana kinyume cha maumbile. Uholanzi, kwa upande wake, iliruhusu ndoa za watu wa jinsia moja tangu tarehe 1 Aprili 2001, ikiwa nchi ya kwanza duniani. Mtoto kama Lina anaweza kuwa na mama wawili kwenye karatasi za kwao, akaja mahali ambapo karatasi hizo hazina jina. Yeye hakuchagua lolote kati ya hayo. Ninamwambia mzazi mambo haya si ili amsimulie mtoto, bali ajue kwamba uvumi wa barazani juu ya nyumba ya watu unaweza kuwafikisha pabaya, na kwamba jibu analompa mtoto litatembea. Kwa hiyo liwe jibu la anachokijua, bila nyongeza ya anachokidhania.

Tukakubaliana aongee naye Alhamisi jioni, akimsuka. Nilipendekeza kusuka kwa sababu mtoto hukaa chini katikati ya magoti ya mama yake akitazama mbele. Haoni uso wa mama, na mama hana haja ya kuuchunga. Mikono ina kazi, kimya hakina uzito. Nikamwomba mambo mawili tu: aanze kwa kulifuta lile la mama mdogo, na akishasema sentensi moja anyamaze, amwachie mtoto aitafute inayofuata.

Hivi ndivyo yalivyokwenda, kama alivyonisimulia kesho yake.

"Zuhura, nilikwambia yule ni mama mdogo wake Lina. Nilikosea. Lina ana mama wawili. Mmoja anamwita mama, mmoja anamwita mami. Wote wawili ndio wanaomlea."

Kimya, mpaka mstari mzima wa nywele ukaisha.

"Wanakaa nyumba moja?"

"Ee, nyumba moja."

"Wanakula pamoja?"

"Wanakula pamoja."

"Hawagombani?"

"Watu wa nyumba moja hugombana siku nyingine, kisha wakapatana."

"Sasa wewe mbona hukai na mama mdogo wa Muheza?"

Mama Zuhura aliniambia kitana kilimwanguka mkononi. Kwa wiki nzima alikuwa amejiandaa kujibu juu ya wageni wa Raskazone, na mtoto alikuwa anauliza juu ya nyumba yao. Usiku ule baba alipoondoka kwenda kufunga ndoa, mtoto alimsikia mama yake akilia. Bibi akamwambia sasa ana mama wawili, kama vile ni zawadi. Halafu akamwona Lina, ambaye naye ana mama wawili, na hao wanacheka, wanapanda baiskeli moja, hawalii. Swali la Zuhura kwenye bajaji, ukilisikia lote, ni hili: kwa nini mama wawili wa Lina wanafurahi na wa kwangu hawafurahi?

Nimefundisha awali miaka 16 na nakiri kwamba hata mimi sikuliona hilo Jumatano. Nilikuwa nimelishika lile la zamu tu. Ndiyo maana siku hizi, mzazi akiniletea swali la aina hii, namwomba kwanza amrudishie mtoto: "Wewe umeona nini?" au "Unafikiri kwa nini?" Huko si kulikwepa swali. Pwani yetu maneno "mama wawili" yana maana nyingi tayari, na hakuna anayejua mtoto ameshika ipi mpaka aseme mwenyewe.

Mama Zuhura hakukimbia. Aliokota kitana, akasema: "Mimi na mama mdogo wa Muheza ni wake wa baba yako. Kila mmoja ana nyumba yake. Mwanzo niliona uchungu, ndiyo maana ulinisikia nalia. Wewe hukufanya kosa lolote, na mimi ni mama yako, siendi popote. Nyumba ya kina Lina ni tofauti. Pale hakuna mume. Ni wale wawili, wanaishi pamoja na wanamlea Lina."

"Baba yake Lina amekufa?"

"Nyumbani kwao hakuna baba. Wewe una mimi na baba na bibi. Wengine wana bibi peke yake. Lina ana mama wawili."

"Alitoka tumboni mwa nani?"

Hapa wazazi wengi hujikwaa, ama kwa kubuni ama kwa kufoka. Yeye alisema: "Sijui. Hiyo ni habari ya Lina, mwenyewe akitaka atakwambia." Ndilo jibu sahihi, kwa sababu hakujua kweli. Mtoto wa mama wawili anaweza kuwa alizaliwa na mmoja wao, anaweza kuwa wa ndoa ya zamani, anaweza kuwa aliasiliwa. Mtoto akisisitiza kwamba lazima pawe na mwanamume, ana haki, na usimkatalie: ili mtoto aanze tumboni inahitajika mbegu ya mwanamume na yai la mwanamke, lakini aliyetoa mbegu si lazima awe ndiye anayekaa nyumbani kulea. Sentensi hiyo ibaki akiba. Zuhura hakuihitaji. Aliuliza tu, "Mimi nilitoka tumboni mwako?" Mama akamwambia hili hili unaloliegemea. Akaligonga kwa kisogo mara mbili, akasema, "Nisuke na shanga."

Shanga ndiyo dalili. Mtoto aliyeshiba jibu huhama mwenyewe, huenda kwenye shanga, kwenye njaa, kwenye paka. Asiyeshiba hurudia swali kwa maneno mapya, huenda kumuuliza mtu mwingine kwa kunong'ona, au huliigiza kwenye michezo siku baada ya siku, kama Zuhura Jumatatu ile. Ukiona hivyo, usirefushe maelezo uliyokwisha kutoa. Jua umejibu swali lisilo lake.

Lilibaki suala la mdomo. Mama Zuhura alitaka kumalizia kwa kumwambia, "Usimwambie mtu." Nilimkatalia kwa nguvu, na ningemkatalia mzazi yeyote. Mtoto wa umri huu tunamfundisha kwamba hakuna siri ya mtu mzima anayopaswa kumficha mama yake, kwa sababu wanaowadhuru watoto huanza na maneno hayo hayo. Hatuwezi kumfundisha hilo asubuhi tukalivunja jioni. Lakini lugha yetu ina kitu kingine, nacho ni kusitiri. Zuhura anakijua: babu yake alipougua na kuchafua shuka, hakuna aliyemwambia ni siri, ila alielewa kwamba haisimuliwi kibarazani. Ndivyo mama yake alivyomwambia: "Nyumbani kwetu unaweza kuniuliza lolote juu ya Lina. Nje, habari ya nyumba ya mtu huisimulia mwenyewe." Siri humfunga mtoto asiseme hata kwa mama yake. Sitara humwachia mlango wa nyumbani wazi.

Bibi hakuwa mwepesi. Nilikwenda mwenyewe Jumamosi, nikamwamkia, tukanywa chai, na sikujaribu kumbadilisha imani yake. Alisema wazi kwamba dini yake haikubali nyumba ya namna ile na mjukuu wake atafundishwa hivyo akifika umri wa kufundishwa. Nikamjibu hilo ni lake na wazazi wa mtoto. Nilichomwomba ni kuhusu mkeka. Nilimweleza jinsi Lina alivyokaa Jumanne nzima akiutazama mkeka uliohamishwa, bila kujua amekosa nini. Bibi akauliza, "Ana miaka mingapi huyo?" Nikasema 5. Akakaa kimya, kisha akasema mtoto wa watu asitiwe uchungu kwa jambo asilolifanya, wacheze, ila nyumbani kwao Zuhura asiende. Sikupata zaidi ya hapo. Mama Zuhura alimweleza binti yake mpaka huo bila kumdanganya sababu: "Bibi anaona mambo mengine tofauti, shuleni chezeni." Mtoto ameshazoea kwamba bibi na mama hawakubaliani, hata kwenye pilipili ya mchuzi hawakubaliani.

Kwa nyumba yenye baba wawili njia ni hii hii, na mtego ni ule ule, kwa kuwa baba mkubwa na baba mdogo nao wapo tayari mdomoni. Kinachobadilika ni maswali ya mtoto: nani anapika, nani alimnyonyesha. Yajibu kama yalivyo. Mtoto wa miaka 9 au 10 ni kisa kingine, huyo ameshasikia maneno ya mtaani na atakuuliza yanamaanisha nini.

Kwa upande wangu nilikuwa na la kurekebisha. Ukutani mwa darasa langu ilikuwapo picha ya "Familia Yangu": baba, mama, mvulana, msichana. Nilipohesabu, zaidi ya nusu ya watoto wangu hawakai katika nyumba ya namna ile. Kuna wanaolelewa na bibi, kuna ambaye baba yake yuko baharini miezi mingi, kuna Zuhura, kuna Lina. Picha niliitoa, nikawaomba wachore watu wanaowaogesha, wanaowapa chakula na wanaowaleta shule.

Zuhura alichora nyumba mbili zilizoachana, moja kila pembe ya karatasi. Katikati akachora barabara ndefu, na juu ya barabara mtu mmoja mwenye mfuko. Nilimuuliza ni nani, akasema ni baba, yuko njiani. Mkeka wake ulikuwa umerudi kando ya Lina. Lina alichora baiskeli kubwa yenye watu watatu, na Zuhura akainama kuitazama.

"Nani anaendesha?"

"Leo mama, kesho mami. Kwa zamu."

"Kama baba," Zuhura akasema, akamwazima kalamu ya kijani.